Kidole Gumba Juu ya Namba

Mara ya kwanza Svetozar Kekić kuingia dukani kwa Smilja, kofia ilikuwa mkono mmoja na simu mkono mwingine, na simu aliibwaga juu ya kaunta kama mtu anayebwaga karata ya ushindi.

"Nitafutie mkanda huu."

Smilja aliinama akaitazama picha. Kitu cheusi kilikuwa kimelala juu ya udongo mweusi, na nyuma yake kulikuwa na kivuli cheusi cha mtu aliyevaa kofia.

"Huu ni mkanda au nyoka, mzee?"

"Mkanda. Wa kombaini yangu."

"Na uliupiga picha macho umefumba?"

Wanaume wawili waliokuwa wakingoja zamu yao walicheka. Mgeni naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wao, na hapo hapo Smilja akajua kwamba huyu ni mtu wa kufanya naye biashara. Anayekasirika akitaniwa kaunta huondoka bila kununua. Anayecheka hubaki na kuanza kuomba punguzo.

Kweli alibaki, na kweli aliomba. Kwao Beli Rit, kijiji kilichokuwa mwendo mfupi kutoka mjini Kikinda, kila mtu alimwita Toza. Alikuwa na kombaini moja kuukuu iliyoundwa humu humu nchini, na kila kiangazi aliwavunia ngano wasio na mashine. Alikuwa mtu mpana, mwenye mashavu mekundu, na ukucha wa kidole gumba cha mkono wa kulia ulikuwa mweusi tangu siku nyundo ilipokosa patasi na kuangukia pale. Aliutumia ukucha ule kunyooshea vitu kama mwalimu anavyotumia fimbo.

"Uko wapi huo mkanda wenyewe?" Smilja aliuliza.

"Kwenye gari. Lakini hausomeki. Nimeusugua kwa petroli mpaka mikono imewaka."

"Umeusugua kwa petroli! Basi umeyafuta maandishi uliyokuwa unayatafuta. Kaulete."

Aliuleta. Smilja aliupangusa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, akaupeleka mlangoni, akaulaza ubavu ili mwanga uupige kwa pembeni. Polepole alama hafifu zikaanza kuonekana juu ya mpira: 17, kisha alama ya mara, kisha 2000, na mwishoni herufi mbili zilizokaribia kwisha.

"Kumi na saba ni upana wa juu, kwa milimita," alisema. "Elfu mbili ni urefu. Hayo hata wewe ungeyasoma. Kazi iko kwenye hizi herufi. Li maana yake urefu umepimwa kwa ndani. La, umepimwa kwa nje. Mkanda wa unene huu, tofauti ya ndani na nje inakaribia sentimita saba. Ukichukua wa Li wakati unatakiwa wa La, utakuvalia kama suruali ya marehemu baba yako. Utaikaza puli mpaka mwisho wa reli yake, na bado mkanda utateleza."

"Na huu ni upi?"

"Huu ni Li. Nimeangalia, halafu nitaupitisha futi kuhakikisha, maana uliochakaa huwa umevutika kidogo."

Alipima, akatikisa kichwa kukubali, akaushusha mpya kutoka kwenye ndoano. Toza aliomba punguzo kwa sababu ya umbali, kisha kwa sababu ya petroli, kisha kwa sababu ya mikono iliyowaka. Smilja hakumpunguzia hata dinari moja. Alimpa kahawa. Toza aliinywa amesimama, akisema kwamba kahawa ya bei ile hajawahi kuinywa hata Belgrade.

Smilja hakurithi duka lile kwa mtu. Kiwanda alichokuwa karani wa ghala kilipofungwa, alianza kuuza mikanda kwenye buti la gari siku za gulio, majira ya baridi vidole vikiwa vimekufa ganzi. Kutoka buti alihamia kwenye kibanda, na kutoka kibandani akapata chumba cha mbele barabarani karibu na stesheni, ambacho wakulima hukiona kabla hawajaona kitu kingine mjini. Alichokijua alikijua kwa kukishika. Beringi ikiandikwa 6205, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata tundu la milimita ishirini na tano. 2RS ni mpira pande mbili, ZZ ni bati pande mbili, C3 ni nafasi kubwa kidogo ndani kwa ajili ya joto. Hakuwa na sababu ya kujivunia hayo. Yalikuwa bidhaa kama bidhaa nyingine, ila yalikaa kichwani badala ya rafuni.

Toza alirudi. Alijifunza kupiga picha kama Smilja alivyotaka: moja ya namba kwa karibu, moja ya kitu kizima, moja ikiwa na rula kando yake. Kwa beringi alijifunza kupaka chaki juu ya chuma na kuipangusa, ili nyeupe ibaki ndani ya michoro ya namba. Baada ya muda akawa anapiga picha vitu vya majirani pia. Jirani akipasukiwa na mkanda shambani, anamwita Toza, Toza anapiga picha, picha inaingia kwenye simu ya Smilja. Smilja anamjibu ni kitu gani na kama kipo, na kabla jua halijapanda Toza yuko mlangoni na kitu cha zamani ndani ya mfuko, tayari kwa matani.

"Leo umetuletea maiti wa nani?"

"Wa Lazar. Kafia kazini."

"Lazar au beringi?"

"Beringi. Lazar hajawahi kuwa kazini."

Ndivyo kazi ilivyokwenda. Picha ilimsaidia Smilja kujua atafute wapi. Lakini hakuna kilichotoka dukani mpaka kile cha zamani kimewekwa kaunta kando ya kipya, kalipa, kile kipimo cha chuma chenye taya, ikapita juu ya vyote viwili. Picha inaweza kudanganya kwa kivuli, kwa grisi, kwa sita inayofanana na nane. Kalipa haina mzaha. Kwa kuwa Toza alikuja kila mara, Smilja hakuwa na hofu ya kujibu picha haraka haraka huku anahudumia wengine. Kosa, kama lingekuwepo, lingekamatwa pale pale kaunta.

Ukafika mwaka ambao mwenye chumba, mzee Joca, alisema anauza. Mwenye duka la mikate la jirani alikitaka chumba apanue tanuri. Joca alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya umri wake. Alimwambia Smilja: "Wewe uko hapa siku nyingi. Nitakungoja mavuno yapite. Ukiwa nazo, chako. Ukiwa huna, kitaoka mikate."

Smilja alikaa akapiga hesabu. Msimu mmoja mzuri wa mavuno ungetosha. Lakini mikanda ya kombaini huagizwa majira ya baridi, na muuzaji wa jumla haipokei tena mavuno yakiisha. Ukiagiza kidogo, wakulima wanakuja na unawaambia hakuna. Ukiagiza mingi na wasije, umenunua mpira wa kuning'iniza ukutani.

Mwezi wa Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola, ilikuwa slava ya nyumba ya Toza, sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa ukoo. Siku hiyo mtu haalikwi. Aliyewahi kuja mara moja hutegemewa kila mwaka, na asipokuja huulizwa kwa nini. Smilja alikuja. Ilikuwa siku ya mfungo, kwa hiyo mezani kulikuwa na supu ya samaki nyekundu, maharage ya kuoka, samaki wa kukaanga, na rakia, pombe kali ya matunda, kwenye vikombe vidogo ambavyo havikuwahi kuwa vitupu. Wanaume wa Beli Rit walijaa meza nzima. Mshumaa wa mtakatifu ulikuwa unawaka, na Toza alisimama na kikombe chake.

"Sikilizeni," alisema. "Kuna watu wanasema nauza kijiji. Mimi nauza kijiji kwa mtu mmoja tu, huyu hapa. Mikanda ya Beli Rit, beringi za Beli Rit, zote kwa Smilja. Smilja, agiza. Agiza kama mwanamke mwenye wanaume thelathini."

"Wanaume thelathini!" alisema mmoja. "Mmoja tu anamshinda mke wangu."

Walicheka, wakagonganisha vikombe, na mmoja mmoja wakamwambia: agiza, dada, agiza. Smilja alikuwa mtu wa kaunta. Ahadi za kilevi hakuziamini. Lakini neno lililosemwa mbele ya mshumaa wa slava na mwenye nyumba amesimama halikuwa la kilevi, na mtu akilivunja hapo, hata mkewe humtazama kwa jicho lingine. Smilja alirudi nyumbani akaagiza kwa wingi, akatumia karibu kila alichokuwa amekiweka kwa ajili ya chumba.

Jambo moja hakuambiwa mezani pale. Nyuma ya ghala la Toza, na kwenye nyua za watu watatu wengine waliokuwa wanakunywa naye, zilisimama kombaini nne zilizofunikwa maturubai. Zilitoka kwenye mnada huko Uingereza, za aina moja zote, na Toza ndiye aliyezitafuta.

Masika yalipita. Mwezi wa Juni ngano ikaanza kubadilika rangi na mashine zikaanza kufunguliwa. Picha zikaanza kumiminika kwenye simu ya Smilja kuliko mwaka wowote. Toza aliuliza huu ni mkanda gani, na huu je, na namba hii ya beringi ina mbadala wa kampuni nyingine? Smilja alijibu zote. Huu ni HB, wa kombaini, upana ule ule wa B ila umeimarishwa, usikubali wa kawaida. Hiyo yenye ZZ unaweza kuweka ya 2RS, kwenye vumbi ni bora zaidi. Alijibu huku akitazama ndoano zake ambazo zilikuwa bado zimejaa.

"Mbona mnatuma picha tu?" alimuuliza kwa simu. "Kaunta hapa nimebaki na nzi."

"Watu hawana hela mpaka ngano iuzwe, dada yangu. Wewe si unajua. Wanataka kujua tu kwanza. Watakuja wote kwa mkupuo."

Lilikuwa jibu la kuaminika. Kila mwaka kuna wakulima wa aina hiyo. Smilja aliwasubiri.

Kisha ikaja picha ile. Ilikuwa moja tu, siyo tatu. Beringi ilikuwa bado imo kwenye nyumba yake ya chuma, imefungwa kwenye mashine. Mtu alikuwa ameipaka chaki vizuri kabisa na kuishikilia taa, na kidole gumba chenye ukucha mweusi kilikuwa kimekandamiza ukingo wa namba kama kinachoonyesha pa kusoma. Ilisomeka UC206. Kwenye chuma cha nyumba yenyewe, kwa herufi zilizotokeza, ilisomeka P206. Vilikubaliana. Smilja alijua mashine ya Toza, alikuwa ameiona mara nyingi. Shafti zake zote, vyuma vinavyozunguka ndani ya beringi, zimepimwa kwa milimita. Siku hiyo watu wa vijiji vingine walikuwa wamepanga foleni dukani kwa vichujio. Aliandika: UC206, shafti ya thelathini, ninazo, njoo na ya zamani.

Hakuja na ya zamani. Hakuja kabisa.

Aliyekuja, ngano ikiwa imekauka kabisa na joto limekaa juu ya uwanda kama kifuniko, alikuwa Paja, mkulima mwembamba ambaye Smilja alimwona mara moja tu, mezani siku ile ya slava. Alikuwa na mafuta mpaka viwikoni na mfuko wa plastiki wenye chapa ya ghala moja kubwa la Novi Sad. Aliuweka kaunta.

"Dada Smilja, samahani. Najua sikununua hapa. Lakini nimekwama. Beringi hii haiingii."

"Haiingii wapi?"

"Kwenye shafti. Tumeisukuma, tumeipaka mafuta, nimeipiga nyundo. Samahani, najua haipigwi nyundo."

"Naona. Umeipasua." Smilja aliigeuza kwenye kiganja. Ilikuwa mpya, imeandikwa vizuri UC206. "Hii ni tundu la thelathini. Shafti yako ina ngapi?"

"Sijui. Toza alisema ni hii. Ghala nao wanasema walituma kilichoagizwa, hawahusiki."

"Toza alisema?"

"Ndiye anayetusomea. Ana kipaji yule mzee, Mungu kampa. Unampa picha, anakwenda nje anavuta sigara, anarudi na jibu kamili: kampuni, ukubwa, hata mbadala. Kisha anaagiza Novi Sad, gari linaleta mpaka mlangoni. Mwaka mzima hajakosea. Mikanda yangu yote ya kiangazi hiki kaisoma yeye."

Smilja aliuona ukuta wake wa mikanda kwa mara ya kwanza kama mgeni angeuona: mingi, mizuri, mipya, yote iko pale.

"Nionyeshe picha aliyokuagizia," alisema.

Paja aliitafuta kwenye simu yake na kuigeuza. Chaki, taa, chuma chenye P206, na kidole gumba chenye ukucha mweusi.

"Hii ni mashine yako wewe?"

"Yangu. Ni ya Uingereza. Tunazo nne za aina moja, Toza mwenyewe ana moja, kuukuu yake kashaiuza. Katushauri tubadilishe beringi zote za feni kabla ya kuingia shambani, mbili kwa kila mashine. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, tukazikata za zamani kwa mashine ya kukatia. Sasa zote nne zimesimama. Ngano inamwagika chini, dada."

"Kipande cha zamani unacho?"

Alikwenda kwenye gari akarudi na nusu ya beringi iliyokatwa. Smilja aliipaka chaki akaipangusa. Baada ya 206 kulikuwa na kistari, na baada ya kistari, ishirini.

"Ona," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo lilimshangaza mwenyewe. "Waingereza wa zamani walipima kwa inchi. Inchi wanaigawa vipande kumi na sita. Ishirini hii ni vipande ishirini, yaani inchi moja na robo. Milimita thelathini na moja na robo tatu. Kwa nje ni sawa kabisa na ya kawaida, ndiyo maana nyumba yake ni ile ile ya P206. Tofauti iko kwenye tundu tu. Na tofauti hiyo ilikuwa imeandikwa hapa, chini ya hiki kidole."

"Kumbe Toza kakosea."

"Toza hajasoma hata namba moja maishani mwake, Paja. Picha hii aliituma kwangu. Niliyesoma ni mimi. Aliyekosea pia ni mimi."

Paja alimtazama, akatazama simu, akatazama mikanda ukutani. Hakuwa mjinga. Uso wake ulianza kubadilika rangi kutoka shingoni.

"Sisi tulijua..." alianza, akaacha.

Smilja alikuwa na mbili za namba ile rafuni, zilizobaki baada ya mteja mmoja mwenye mashine ya Kiingereza ya kufunga nyasi. Alimuuzia Paja kwa bei ya rafuni, akazipima kwa kalipa mbele yake. Nyingine alizifuatilia kwa simu kwa mfanyabiashara mwenzake wa Szeged, ng'ambo ya mpaka. Zilikuwepo. Hakumwambia Paja kwamba zilikuwepo.

Toza alifika mchana ule ule. Gari lake lilisimama nusu juu ya njia ya watembea kwa miguu. Mara hii hakuvua kofia.

"Umeniua," alisema akiwa mlangoni. "Umeniua mbele ya kijiji kizima. Makusudi."

"Karibu, kaka Toza. Maiti wa nani leo?"

"Usinitanie! Mwaka mzima hukosei hata moja, halafu unakuja kukosea kwenye mashine nne? Uligundua, ukanitega."

"Ningegundua vipi? Ningejua kama kuna mashine za Kiingereza Beli Rit, ningekuuliza shafti kabla hata sijaitazama picha. Mtoto wa shule angeuliza. Ulinificha mashine, Toza. Ulizifunika turubai, ukanikaribisha mezani umbali wa hatua chache. Uliogopa nini? Nisije nikaagiza vitu vyake?"

Toza alipumua kwa pua.

"Ghala wananipa fungu kwa kila oda," alisema. "Wewe ulinipa nini miaka yote? Kijiji nilikuletea mimi. Wewe ulinipa kahawa."

"Ungeomba."

"Niliomba! Siku ya kwanza kabisa niliomba."

Hilo lilikuwa kweli. Ilikuwa kweli vile vile kwamba kama Toza angemwomba tena, baada ya mwaka wa pili au wa tatu, angempa. Alikuwa akingoja aombe. Mtu wa biashara hatoi asichoombwa, na Toza hakuomba mara ya pili. Alikwenda kuuza kwingine kitu ambacho hakikuwa chake.

"Bora usingesimama mbele ya mshumaa," Smilja alisema. "Ungechukua fungu lako, ungewapa macho yangu Novi Sad, hayo yangekuwa mambo ya soko, ningekutukana na kukusahau. Lakini ulisimama nyumbani kwako siku ya mtakatifu wako ukaniambia niagize. Wewe ulijua hawatanunua. Wale waliogonga vikombe nao walijua?"

"Baadhi."

"Paja alijua."

"Paja hujua anachoambiwa."

Nje, mwanamke wa duka la mikate alikuwa akipima kwa macho upana wa dirisha la Smilja, kama alivyokuwa akifanya siku zile, bila kuona haya.

"Ninazozitaka unazo?" Toza aliuliza mwishowe. Sauti ilikuwa imeshuka. "Hizo za inchi. Ngano inamwagika, Smilja. Hiyo siyo yangu peke yangu, ni ya wajane wawili wasio na mashine pia, nawavunia mimi."

"Naweza kuzipata kabla ya jioni."

"Basi..."

"Kwa sharti. Usimame barazani kwenye duka la kijijini kwenu wanaume wakiwepo, useme nani alikuwa anasoma. Basi. Sitaki fungu, sitaki samahani. Useme tu."

Toza aliangalia chini, akaangalia ukucha wake mweusi kama kwamba ndio ulioshtakiwa.

"Nikisema hivyo, mimi nabaki nani?"

"Utabaki na mashine inayozunguka."

Alitikisa kichwa kukataa. Aliondoka bila kufunga mlango. Smilja alimpigia tena mtu wa Szeged hata hivyo, akasafiri mwenyewe kuzileta beringi. Wamiliki wawili wengine walikuja wenyewe, Paja akiwa ameshawaambia ni nani aliyekuwa anasoma. Waliweka nusu za zamani kaunta, Smilja akapima, wakalipa bei kamili na ya safari juu yake. Hawakubishana bei hata kidogo. Hilo lilimuumiza kuliko kama walau mmoja wao angeomba punguzo, kwa sababu mkulima asiyeomba punguzo ni mkulima asiyetarajia kurudi.

Toza alipata zake Novi Sad, zikachelewa. Wakati zinafika, mvua ya mawe ilikuwa imepita kwa ukanda mwembamba upande wa kusini wa kijiji, na mashamba ya wajane wawili yalikuwa kwenye ukanda huo. Mmoja wao alimsamehe. Wa pili alimwita mtu mwingine msimu uliofuata, na wengi wakamfuata. Kipaji kikaisha ghafla kama kilivyoanza: picha walizompelekea zilibaki bila jibu, wakaacha kumpelekea.

Wanaume wa Beli Rit walijifunza kupiga picha wenyewe. Wanaituma kwa ghala na kwa Smilja wakati mmoja, na wananunua kwa aliye rahisi. Wengine wanaamini mpaka leo kwamba Smilja alikiona kile kistari na akanyamaza, ili amuumbue Toza, na wanamheshimu kwa hilo kwa namna ambayo hakuwahi kuitaka. Hajibu tena picha bila kipimo cha shafti, awe ni nani anayeuliza.

Mikanda iliyoagizwa mbele ya mshumaa, theluthi yake ilikwenda. Iliyobaki aliihamisha kwenye chumba cha uani alichopanga nyuma ya seremala, mahali pa giza na ubaridi, panapofaa kwa mpira na pasipofaa kwa wateja. Joca alingoja mpaka mavuno yakaisha, kama alivyoahidi, kisha akauza. Mwenye mikate alipata dirisha. Ghala la Novi Sad lilipata kijiji bila kumlipa tena mtu wa kati. Toza alipata mafungu ya mwaka mmoja. Na Smilja, kwa yote aliyoyasoma mwaka ule kwa watu wengine, alipata bei kamili ya beringi sita.